Bibi wa treni ya Nara na sumimasen zake sita

Kipande chenyewe hakifiki dakika 4. Kinatoka kwenye filamu ya maisha ya kila siku ya Japani ambayo tulipewa tuiwekee maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Kazi ya kwanza ilikuwa imeshafanywa na mtu mwingine, na mimi nilikabidhiwa kuipitia. Nilianza kuitazama nikiwa sebuleni kwa mama mdogo, Tanga, naye amekaa pembeni anachambua mchele. Bibi wa kwenye filamu alipofika mwisho wa kipande kile, mama mdogo aliacha ungo akaniuliza, "Huyu bibi wa watu amemkosea nani? Mbona tangu ameingia anaomba msamaha tu?"

Swali lile ndilo lililonifanya nirudi mwanzo.

Picha iko hivi. Mvua inanyesha Kyoto. Bibi wa makamo ya miaka sabini na kitu, mwavuli mkononi na kifurushi kifuani, anaingia kwenye treni ya njia ya Nara iliyosimama kituoni ikisubiri saa ya kuondoka. Watu wamejaa mlangoni. Anasema "Sumimasen" huku anajipenyeza. Mwanafunzi mmoja aliyekaa anamwona, anainuka, anamwonyesha kiti. Bibi anasema "Ara, sumimasen," anainamisha kichwa, anakaa. Anapokaa mwavuli unageuka na maji yanamwagikia kiatu cha mwanamume aliyevaa suti jirani yake. "Aa, sumimasen!" Anatoa leso. Wanapotulia, anamgeukia yule yule wa suti: "Sumimasen, hii treni inasimama Inari?" Mwanamume anamwambia haisimami, hii ni ya haraka, ashuke Tōfukuji abadilishe. Treni inaondoka. Tōfukuji ndiyo stesheni inayofuata baada ya Kyoto, kwa hiyo bibi hajakaa hata vizuri tayari anasimama: "Sumimasen, orimasu." Akiwa mlangoni anageuka nyuma, anainama, anasema "Dōmo sumimasen deshita," na mlango unafunga.

Sumimasen 6. Mwenzangu aliyetangulia aliandika "Samahani" mara 6, na ya mwisho akaiongeza "sana". Ukifungua kamusi hutamlaumu, maana samahani ndiyo inayokaa mbele ya neno hilo. Lakini mama mdogo, ambaye hajui neno hata moja la Kijapani, alisikia kitu ambacho kamusi haikisemi: kwa masikio ya Mswahili, mtu anayesema samahani mara 6 ndani ya dakika 4 ana kosa. Bibi akawa mkosaji, mnyonge, mtu anayejidunisha mbele ya vijana. Kwenye picha hayupo hivyo hata kidogo. Ni mama mtu mzima mwenye adabu zake, anatembea wima, na anapata anachokitaka kila anapofungua mdomo.

Nilikaa na rafiki yangu aliyesoma Osaka na kuishi Japani miaka mingi, tukasikiliza sauti peke yake, bila picha. Aliniambia jambo ambalo limenisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kuyasoma: "Usimsikilize bibi. Msikilize anayemjibu." Tukarudia, safari hii na picha. Mtu wa mlangoni hajibu kitu, anasogeza bega tu. Mwanafunzi anajibu "Iie, dōzo". Wa suti, kuhusu kiatu, anajibu "Iie, daijōbu desu". Wa suti huyo huyo, alipoulizwa, anajibu "Hai". Majibu ni tofauti, kwa hiyo kilichosemwa nacho ni tofauti, japo neno ni moja. "Hai" ni kuitika: bibi alikuwa anaita. "Daijōbu" ni kusema hakuna kilichoharibika: bibi alikuwa anakiri kosa. "Dōzo" ni kukaribisha: bibi alikuwa amepokea kitu.

Kiswahili nacho kina majibu yake yaliyofungwa na maneno yake, na hapo ndipo kipimo kinapokuwa kikali. Anayeambiwa samahani hujibu "bila samahani" au "hamna neno". Anayeambiwa asante hujibu "karibu" au "asante kushukuru". Anayeambiwa pole husema "nimeshapoa" au naye hushukuru. Ukiweka neno lisilo lake, jibu la mtu wa pili linaning'inia hewani. Katika tafsiri ya kwanza, mwanafunzi aliyetoa kiti aliambiwa "Samahani", akajibu "Karibu". Hakuna Mswahili anayejibizana hivyo. Mtazamaji hawezi kukwambia kosa liko wapi, ila anajua watu hawa hawasikilizani.

Basi tukaanza moja moja.

Ya kwanza, ya mlangoni, haikutusumbua sana. Anachotaka bibi ni njia. "Samahani" peke yake haitoshi, kwa sababu kwetu mtu akisikia samahani hugeuka na kungoja aambiwe jambo, hasogei. Tukaandika "Samahani, naomba nipite." Ni herufi 24 pamoja na alama na nafasi, na mtu anazisoma kwa sekunde moja na nusu hivi. Neno la Kijapani linatamkwa chini ya sekunde moja, lakini bibi anajipenyeza kwa sekunde 3, kwa hiyo maandishi yana nafasi ya kukaa. Rafiki yangu alipendekeza "Simile!", kwa kuwa ni neno letu la pwani la kuomba njia. Nililikataa. Simile ni ya hamali mwenye mzigo kichwani au msukuma mkokoteni, na hupigwa kwa sauti. Bibi huyu anasema chini chini, kama mtu anayepita msikitini kati ya safu.

Ya nne nayo ilijibika yenyewe. Pale ndipo samahani inapokaa mahali pake kabisa: mtu anamkatiza mtu asiyemjua ili amuulize. "Samahani, hii inasimama Inari?" Kwa Kiswahili ingependeza aseme "samahani baba" au "samahani kaka", na nilivutwa kuongeza. Nikaacha, kwa sababu nilikuwa nataka kulihifadhi neno la ukoo kwa ajili ya mahali pengine, kama nitakavyoeleza. Ya tano, ya kushuka, tuliandika "Naomba njia, nashuka." Hapo neno orimasu lenyewe limeshasema anashuka, na sumimasen inabeba ombi tu. Anayepanda daladala anaisikia sentensi hiyo bila kuisoma mara mbili.

Ya tatu ilitaka uangalifu, kwa sababu ya mtego wa neno pole. Mtu mmoja katika kikundi chetu aliandika "Oh, pole!" Anatoka Nairobi, na huko wengi husema pole wanapokukanyaga, wakimaanisha kuomba radhi. Lakini filamu inakwenda pia Zanzibar, Tanga, Dodoma, na huko pole ni ya kumwonea mtu huruma kwa lililompata, liwe limetoka kwa nani. Bibi aliyemwagia mtu maji kisha akamwambia "pole" tu, anaonekana kama vile maji yametoka mbinguni na yeye ni shahidi. Hakiri. Sumimasen ya pale inakiri. Ukimtazama, kabla neno halijaisha leso imeshatoka. Tukaweka "Jamani samahani, nimekulowesha!" Kiswahili kinapenda kosa litajwe, ndipo msamaha uonekane wa kweli, na picha inathibitisha kilichotajwa. Kwa jibu la "Iie, daijōbu desu" tuliandika "Hamna neno." Wapo watakaosema "niwie radhi" ingekuwa na heshima zaidi. Ni kweli, lakini ni nzito kwa matone ya mvua juu ya kiatu, na Kijapani chenyewe kina maneno mazito zaidi ambayo bibi hakuyachagua. Angekuwa amemharibia mtu kitu cha thamani, au angekuwa karani mbele ya mteja, ungesikia "mōshiwake arimasen", yaani sina la kujitetea. Ukiimaliza "niwie radhi" kwenye kiatu, utakapokutana na mōshiwake utakuwa huna cha kuweka.

Imebaki ya pili na ya sita. Hizi mbili zilitula siku nzima, na ndizo zilizonifanya nikiandike kisa hiki.

Chukua ya pili. Mwanafunzi ameinuka, bibi anakaa. Kwa akili ya kawaida ni "asante", na watafsiri wengi wataishia hapo bila kosa kubwa. Lakini Kijapani kina asante yake, arigatō gozaimasu, na bibi hakuitumia. Alikuwa na maneno mawili mdomoni akachagua moja. Kama tafsiri yako haiwezi kuonyesha kwamba alichagua, kuna kitu umekitupa.

Hapa nilipata msaada kwenye mzizi wa neno, ingawa ninauogopa mzizi. Sumimasen ni ukanushi wa heshima wa kitenzi sumu, ambacho kwa bahati tu kinafanana na neno letu la sumu na hakina uhusiano nalo. Maana yake ni kwisha, kumalizika, kutimia. Kwa hiyo kwa maumbo yake sumimasen inasema "haijaisha": jambo kati yangu na wewe halijakwisha upande wangu, umenitendea au nimekutendea na bado sijatulia. Mjapani anayelitamka sokoni hafikirii hayo, kama sisi tusivyofikiri Kiarabu tunaposema samahani. Kuandika "haijaisha" chini ya picha kungekuwa kichekesho. Lakini umbo linakuonyesha jambo moja la kufaa: sumimasen ni taarifa. Haimwombi mtu chochote. Samahani, kwa asili yake ya Kiarabu, ni amri ya upole: nisamehe. Inamdai msikilizaji atoe kitu. Gomen nasai ya Kijapani ndiyo inayofanana nayo, kwa kuwa nayo inaomba usamehewe, na ndiyo maana gomen nasai haitumiki kushukuru wala kumwita mhudumu mgahawani, wakati sumimasen hufanya yote hayo.

Basi nilikuwa natafuta sentensi ya Kiswahili ambayo ni taarifa, inayotaja usumbufu wa mwenzako badala ya hisani yake, na ambayo Mswahili huisema akiwa anashukuru. Nilipoliweka swali hivyo, jibu lilikuwa palepale nilipokaa. Asubuhi ile jirani alikuwa amemletea mama mdogo samaki kutoka Deep Sea, na mama mdogo akampokea kwa maneno haya: "Jamani, mbona umejisumbua!" Hakuna aliyefikiri analalamika. Na mtu akikuchukulia mzigo wako hadi kituoni, humwambii asante kavu, unamwambia "nimekusumbua". Hapo umemshukuru, tena kuliko asante, kwa sababu umeonyesha kwamba umeona alichopoteza. Mwanafunzi alipoteza kiti. Bibi ameona.

Kati ya hizo mbili nilichagua "nimekusumbua". "Umejisumbua" ina hatari yake: bila sauti ya msemaji, kwenye maandishi matupu, inaweza kusomwa kama lawama, hasa ikifuatwa na "bure". Tena inamfanya mwanafunzi ndiye mtendaji, wakati sumimasen inazungumzia upande wa msemaji. Lakini "nimekusumbua" peke yake nayo ina tatizo la mtazamaji wa haraka, ambaye anaweza kuisoma kama kuomba radhi tu. Kwa hiyo tuliiwekea asante mbele: "Asante mwanangu, nimekusumbua." Herufi 30. Bibi anatumia sekunde moja na kidogo kutamka, kisha anakaa kwa sekunde 2 bila mtu kusema, na maandishi yanabaki muda huo wote.

Kuhusu "mwanangu", tulibishana. Rafiki yangu alisema, na ana haki, kwamba bibi hamwiti kijana jina lolote la ukoo, na kwamba umbo la -masen ni la kumheshimu mgeni na kumweka umbali kidogo. Nikamwambia kwa Kijapani umbali ule ndiyo heshima, lakini kwa Kiswahili bibi wa miaka 70 akimshukuru kijana pasipo kumwita chochote anaonekana amenuna. Heshima ile ile, kwetu, inapita kwenye "mwanangu". Tulikubaliana iingie mara moja tu katika kipande kizima, na hapa ndipo mahali pake, kwa sababu hapa ndipo mtu mzima amepokea kutoka kwa mdogo. Ndiyo sababu nilimnyima yule wa suti "baba" yake.

Uteuzi wa "nimekusumbua" ulitengeneza jibu lenyewe. "Iie" kwa neno moja ni hapana. Kwenye tafsiri ya kwanza ilipotea, na hata "asante" peke yake isingeirudisha, kwa sababu huwezi kumjibu anayekuambia asante kwa kumwambia hapana. Lakini anayekuambia nimekusumbua, unamkatalia haraka: "Wala, bibi. Kaa tu." Hiyo "wala" ndiyo "iie" kamili. Mwanafunzi analikana deni ambalo bibi amelitangaza, kama anavyofanya kwa Kijapani. Tulipoiweka, mazungumzo yakashikana, na ndipo nilipoamini kwamba "nimekusumbua" ni sahihi. Nisingeamini kwa hoja ya mzizi peke yake.

Sasa ya sita. Hapa kuna kitu ambacho usipoijua njia ya reli hukioni. Treni za haraka za Miyakoji, zinazotoka Kyoto kwenda Nara, huiruka stesheni ya Inari, ingawa nje yake tu ndipo lilipo hekalu la Fushimi Inari na milango yake myekundu ambayo watu wanatoka duniani kote kuja kuipita. Ukitaka Inari unapanda treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo. Wageni hukosea sana, na bibi naye alikosea. Kwa hiyo yule kijana alisimama ili bibi akae kwa mwendo wa kituo kimoja, dakika 2 au 3. Bibi anajua. Na yule wa suti aliloweshwa kiatu, kisha akamwelekeza. Anapogeuka mlangoni, macho yake yanapita kwa wote wawili kabla ya kuinama.

"Dōmo sumimasen deshita" ile ni shukrani kwa kiti, ni masikitiko kwamba kiti kilitolewa kwa kazi ndogo, ni radhi ya kiatu, na ni shukrani ya maelekezo. Deshita inaiweka katika wakati uliopita: jambo limefikia mwisho, tunaachana. Tafsiri ya "Samahani sana" ilimfanya aonekane anakimbia kosa. Mtu mwingine alipendekeza "Asanteni kwa yote", nami nikaikataa kwa sababu ni sentensi ya kufunga sherehe, na kwa sababu inafuta kiatu. Wengine walitaka tuigawe, "Asante mwanangu, na wewe samahani baba," jambo ambalo lingewagawa watu wawili ambao bibi amewainamia mara moja, tena kwa maneno mengi kuliko muda wa mlango kufunga.

Kiswahili kilikuwa na njia ambayo Kijapani hakina. Kijapani hakisemi ni nani anayeambiwa, unaliona hilo kwa macho ya bibi tu. Sisi tuna kiambishi cha mtendwa, na wingi wake unawakusanya wote wawili bila kumtaja yeyote: "Nimewasumbua." Na ile -me- inabeba jambo lililokwisha tendeka ambalo matokeo yake bado yapo, kiatu bado kibichi na kijana bado kasimama. Tukaongeza "asanteni" nyuma, si mbele. Katika ya pili asante ilitangulia kwa sababu bibi alikuwa anapokea. Hapa usumbufu unatangulia kwa sababu ndio anaoondoka nao. "Nimewasumbua, asanteni."

Kuna mahali ambapo sitaipeleka njia hii. "Nimekusumbua" inadai kwamba mwenzako amejinyima kitu kwa ajili yako. Mhudumu wa hoteli akikuletea maji na ukamwambia sumimasen, kama Wajapani wengi wasemavyo, kwa Kiswahili ni "asante" basi. Ukimwambia nimekusumbua, atadhani ulimwita nje ya zamu yake. Vivyo hivyo kijana anayemwambia mwenzake "suimasen" kwa kufupisha, akiinua kiganja tu, hastahili herufi 12 za nimekusumbua. Na mwanamume mtu mzima anayesema "suman" kwa rafiki yake amekata heshima makusudi, kwa hiyo "nisamehe bwana" au "asante bwana" inamtosha, kulingana na jibu litakalofuata.

Nilirudisha kipande kwa mama mdogo jioni ya tatu. Hakuuliza kitu hadi treni ilipofika Tōfukuji. Bibi alipoinama mlangoni na maandishi yakatokea, alijibu yeye mwenyewe kabla ya mwanafunzi hajatikisa kichwa: "Wala, hujatusumbua mama. Nenda salama." Nikafuta maandishi niliyokuwa nimeyaweka chini ya kichwa cha kijana kinachotikisika, nikaiacha sehemu ile tupu hadi mlango unafunga.